Gemu linaganda chumba cha nyuma: yanayosemwa kuhusu pawalaini na meshi, na ukweli wake

Nyumba ninayoitolea mfano iko Tegeta, Dar es Salaam. Ruta ya faiba imefungwa sebuleni, mbele kabisa, na PS4 ya vijana iko chumba cha nyuma. Katikati kuna kuta tatu za tofali za saruji. Kifurushi ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Sebuleni simu inazipata zote 20, lakini vijana wakicheza mpira na wenzao mtandaoni, mchezaji anaganda, halafu anaibukia upande mwingine wa uwanja. Mimi ni fundi wa mitandao, na nilipofika mama mwenye nyumba alikuwa ameshapewa ushauri mwingi. Sehemu kubwa ya ushauri huo ungemgharimu bure. Ulihusu kifurushi, pawalaini, yaani kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba, na meshi, yaani vituo kadhaa vya waifai vinavyopokezana mawimbi ndani ya nyumba.

Dhana: "Pandisheni kifurushi, gemu litaacha kuganda."

Kucheza mtandaoni kunatumia data kidogo sana, mara nyingi chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Konsoli inatuma na kupokea vipande vidogo vidogo vya taarifa, na kinachotakiwa ni vifike kwa wakati bila kupotea njiani. Kasi kubwa inahitajika wakati wa kupakua: gemu la gigabaiti 80, kwa megabiti 20, linachukua kama saa 9. Huo ni usumbufu wa aina nyingine, na haumgandishi mchezaji uwanjani.

Kujua tatizo liko wapi, nilikaa na kompyuta ndogo kando ya konsoli, nikajiunga na waifai ileile, nikaandika amri hii ya Windows:

```
ping -n 100 192.168.1.1
```

Inatuma ujumbe mdogo mara 100 na kupima kila jibu linachukua muda gani kurudi. Namba za mwisho ni anwani ya ruta yenyewe. Ya kwenu inaweza kuwa tofauti, na kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Kipimo hiki kinaishia kwenye ruta, hakitoki nje ya nyumba. Sebuleni majibu yalirudi kwa milisekunde 2 hadi 4. Chumbani jibu moja lilirudi kwa 5, lililofuata kwa 190, na kati ya 100 yaliyotumwa 7 hayakurudi kabisa. Kwa hiyo ubovu ulikuwa ndani ya nyumba, na kifurushi cha megabiti 100 kingepita kwenye kuta zilezile.

Kulikuwa na jambo jingine. Ile PS4 ya mwanzo, iliyotoka mwaka 2013, inapokea waifai ya gigahezi 2.4 tu, masafa ambayo ruta za majirani wote zinagombania. Slim na Pro zinapokea na gigahezi 5, ila masafa hayo yanadhoofika zaidi yakikutana na ukuta, kwa hiyo kubadilisha konsoli kusingeondoa tatizo.

Dhana: "Adapta ya 600 itakupa megabiti 600."

Adapta za pawalaini huuzwa mbili mbili. Moja inachomekwa karibu na ruta na kuunganishwa nayo kwa kebo ya mtandao, ya pili inachomekwa chumbani na kuunganishwa na konsoli. Data inapita kwenye nyaya za umeme zilizomo ukutani. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni hesabu ya maabara, tena inajumlisha kwenda na kurudi. Adapta nyingi za 600 zina tundu la kebo lenye ukomo wa megabiti 100, kwa hiyo hata nyaya zikiwa nzuri kiasi gani hazitavuka hapo. Kwa nyumba yenye kifurushi cha 20 hilo halina shida, na sioni sababu ya kulipia zile za 2000.

Dhana: "Chomeka popote penye umeme."

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kuzirudisha dukani. Hata Tegeta mambo yalianza vibaya. Adapta ya sebuleni ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, pamoja na televisheni na chaja tatu za simu. Kinga ile imetengenezwa kuchuja mitetemo isiyo ya umeme wa kawaida, na data ya pawalaini ni mitetemo ya namna hiyohiyo, hivyo inachujwa nayo. Chaja za bei rahisi nazo zinaongeza kelele kwenye waya. Nilipima nikapata megabiti 6, na majibu yanapotea.

Niliihamishia kwenye soketi ya ukutani, peke yake, na televisheni na chaja zikabaki kwenye ekstensheni upande wa pili wa chumba. Safari hii nilipata megabiti 47 kati ya adapta na adapta, majibu ya milisekunde 4 hadi 6, na kati ya 100 hakuna lililopotea. Vijana walicheza jioni hiyo bila kuganda.

Ila si kila nyumba itakubali. Nyumba yenye umeme wa fezi tatu inaweza kuwa na sebule kwenye fezi moja na chumba kwenye nyingine, na mawimbi yanavuka kati ya fezi kwa shida. Vilevile, kama chumba kimoja kinapitia kwenye inveta na kingine kinatoka moja kwa moja kwenye mita, data inaweza kuishia njiani. Banda la uani lenye LUKU yake usilitegemee kabisa.

Kabla ya kulaumu adapta, zichomeke zote mbili chumba kimoja, kwenye soketi mbili za ukutani, upime. Zikifanya vizuri pale na vibaya chumbani, kikwazo ni nyaya za nyumba. Zikifanya vibaya hata pale, adapta ni mbovu au kuna kifaa jirani kinachopiga kelele. Zima kimoja kimoja huku `ping` ikiendelea, utakijua.

Dhana: "Meshi, weka kituo pale pale kwenye konsoli."

Nyaya zikikataa, meshi ndiyo njia iliyobaki. Lakini kituo cha pili hakitengenezi intaneti, kinapokea mawimbi ya ruta kisha kuyapeleka mbele. Ukikiweka kwenye chumba ambacho mawimbi hayafiki, kitapeleka mbele udhaifu uleule, huku konsoli ikionyesha mistari imejaa kwa sababu iko karibu na kituo. Kiweke katikati ya safari, kwa mfano koridoni, mahali ambapo simu bado inapata mawimbi mazuri. Kama kuna kituo cha tatu chumbani, unganisha konsoli nacho kwa kebo. Vituo vya bei nafuu vinatumia redio moja kusikiliza ruta na kuhudumia vifaa, hivyo kila kituo kinachoongezeka kinakata kasi karibu nusu.

Dhana: "Ukishawasha meshi, kazi imekwisha."

Kuna kosa moja la kimyakimya. Meshi nyingi zinawaka zikiwa ruta kamili, nyuma ya ruta ya kampuni ya intaneti ambayo nayo inaendelea kuwa ruta. Intaneti inafunguka vizuri, lakini vijana hawawezi kusikia sauti za wenzao wala kujiunga na mechi zao. Kwenye PS4 nenda `Settings > Network > Test Internet Connection`. Ikisoma `NAT Type 3`, ruta mbili zilizopangana ni mtuhumiwa wa kwanza. Ingia kwenye programu ya meshi, tafuta `Access Point Mode`, iwashe ili meshi iache kuwa ruta, subiri vituo viwake upya, kisha rudia kipimo. Ikisoma `NAT Type 2`, imekaa sawa.