Bima ya maisha imelapsi na hela ya malimbikizo unayo: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Naongelea bima ya maisha ya muda mrefu, ile ya kulipa kila mwezi kwa miaka, ikilapsi, yaani ikikatika kwa sababu hukulipa. Bima ya gari au ya matibabu ya mwaka mmoja mmoja ikikatika mara nyingi unaanza mpya tu, hakuna cha kufufua. Ila ya maisha mikataba mingi ina kipengele cha kuirudisha, na hapo ndipo watu wanadanganyana sana.

Dhana: "Nikituma hela yote ninayodaiwa, bima imerudi siku hiyohiyo"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, nitakaa nayo kidogo.

Ukweli ni kwamba bima ikishalapsi mkataba umesimama, kwa hiyo hela unayotuma sio premiamu tena, yaani ile malipo ya bima ya kila mwezi, ni hela tu imeambatana na ombi, na ombi linaweza kukubaliwa au kukataliwa. Unaweza kutuma leo kwenye simu, meseji ya kupokelewa ikaja, na bado huna bima, sababu hela imewekwa pembeni inasubiri mtu wa tathmini apitie fomu yako. Risiti inathibitisha hela imefika, basi. Kinachothibitisha bima imerudi ni barua au imeili ya kampuni inayosema ombi limekubaliwa na kinga inaanza tarehe fulani.

Tofauti ni kama bado uko kwenye siku za neema. Mikataba mingi inatoa siku 30 hivi baada ya tarehe ya kulipa, na ndani ya siku hizo bima bado iko hai, unalipa unaendelea bila fomu yoyote, na hata mtu akifariki hapo katikati familia inalipwa ila ile premiamu ya mwezi inakatwa. Zikipita tu, ndio unaingia kwenye habari ya kuomba. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabla hujatuma hata senti: waulize ililapsi tarehe ngapi hasa, na mwisho wa kuomba kuirudisha ni lini. Mikataba mingi inatoa miaka 3 au 5 toka ilipolapsi, mingine chini ya hapo, na kama ulishaivunja ukachukua hela yako, hiyo imekwisha, hairudi.

Halafu uliza pia kama kweli ililapsi. Bima iliyokwishajenga akiba ya kutosha kuna wakati kampuni inailipia premiamu yenyewe kwa kuikopa akiba hiyo, kama mkataba unaruhusu. Mtu anakaa anajua bima imekufa kumbe iko hai ila ina mkopo unaokula riba.

Dhana: "Watakataaje wakati mimi ndio nawalipa?"

Wanakataa kabisa, na wana sababu. Fikiria wao wanachokiona: mtu aliacha kulipa miezi mingi, ghafla amerudi anataka kulipa kila kitu. Swali la kwanza kichwani mwao ni je, ameambiwa nini hospitali? Ndio maana fomu ya kurudisha bima ina tamko la afya, na kama muda uliopita ni mrefu au kiasi cha bima ni kikubwa wanaweza kukupeleka kwa daktari ukapimwe upya.

Chukua mtu wa miaka 41, premiamu yake 4,000 kwa mwezi, amekosa miezi 8 baada ya kazi kuyumba. Deni ni 32,000. Juu yake kuna riba, tuseme mkataba unasema asilimia 9 kwa mwaka bila riba juu ya riba, maana yake 30 kwa kila premiamu kwa kila mwezi iliyochelewa. Ya kwanza imechelewa miezi 8, ya mwisho mwezi 1, ukijumlisha zote ni miezi 36, mara 30 ni 1,080. Jumla 33,080. Kumbe riba yenyewe haikuwa ya kutisha, na wengi wanakimbia kwa sababu wanahisi itakuwa mlima.

Shida yake iko kwingine. Ndani ya ile miezi 8 aligundulika na presha, ameanza dawa. Fomu inauliza "tangu bima ilipokatika umetibiwa ugonjwa wowote?" na ajenti anamwambia andika hapana mambo yaende haraka. Hapo ndipo pa kukataa kabisa. Mikataba mingi ina kipindi, mara nyingi miaka 2, ambacho kampuni inaruhusiwa kuchunguza ulichojaza na kukataa kulipa ikikuta umeficha jambo la maana, na bima ikirudishwa kipindi hicho kwa kawaida kinaanza upya kwa yale uliyojaza kwenye fomu mpya. Yaani bima ya miaka 6 ambayo ilishavuka hatua hiyo inarudi kuwa changa kwa upande huo. Akifa mwaka ujao, faili la hospitali litaombwa, na familia itaambiwa fomu ilikuwa ya uongo.

Akiandika kweli, "nina presha, nimeanza dawa mwezi fulani, vipimo vya mwisho hivi hapa", yanayoweza kutokea ni wamkubali kama zamani, wamuombe vipimo, wamuongezee premiamu kama mkataba unawaruhusu, au wamkatae na kumrudishia hela yake. Presha inayodhibitiwa sio mwisho wa dunia kwa watu wa tathmini.

Dhana: "Nimelipia miezi ile 8, basi na ajali ya mwezi wa tano inanihusu"

Hapana. Hili linauma maana umelipa kweli. Malimbikizo yanaweka hesabu ya mkataba sawa, akiba iendelee pale ilipofikia na premiamu ibaki ya umri ulioanza nao, lakini kwa kawaida hayarudishi kinga nyuma kwa jambo lililokwishatokea bima ikiwa imekufa.

Dhana: "Bora nifungue mpya tu"

Inategemea. Mpya inapigiwa hesabu kwa umri wako wa leo na presha yako ya leo, na muda wa kusubiri unaanza moja. Kama ya zamani ulikuwa nayo miezi michache tu na hali yako ya afya ni ileile, mpya inaweza isiwe mbaya. Kama ni ya miaka, omba kurudisha kwanza. Na hela ikiwa haitoshi, uliza kama wanaruhusu kusogeza tarehe ya kuanza mkataba mbele: hulipi malimbikizo yote, ila premiamu inapandishwa kidogo kwa umri mpya na mkataba unaisha mbele zaidi. Sio kampuni zote zinafanya hivi.

Barua ya kuomba iwe fupi tu: namba ya bima, tarehe iliyolapsi, kwa nini ulikosa kulipa (sentensi moja inatosha, usilie), kwamba uko tayari kulipa malimbikizo na riba yote, na uwaombe hesabu kamili kwa maandishi pamoja na fomu ya afya. Ukiomba kulipa kwa awamu sema mapema, ila ujue wengi wanarudisha bima baada ya awamu ya mwisho, sio ya kwanza.

Na ile hesabu ikija, angalia imeishia tarehe ngapi. Kuna watu wanalipa malimbikizo ya hadi mwezi uliopita, tathmini inachukua wiki kadhaa, premiamu ya mwezi huu nayo inapita bila kulipwa kwa sababu stenda oda, ile ya benki kukulipia yenyewe kila mwezi, ilishafutwa zamani, na bima iliyofufuliwa inaanza kuhesabiwa siku za neema tena.