Wanakuita mkwe, yeye anakwepa ndoa: kukaribishwa na kutambulishwa ni vitu viwili

Kuna hali inayowachanganya wengi hapa Dodoma, hasa mabinti. Ukifika kwao mpenzi wako, mama anakuvua mkoba begani kabla hujaketi, mawifi wanakuandalia maji ya kuoga, mzee anatoka chumbani kukusalimia. Ukiondoka unafungiwa karanga na kuku wa kienyeji. Lakini mkiwa wawili kwenye daladala mnarudi mjini, ukigusa neno ndoa mwenzio anageukia dirishani. Kwa hiyo unajiuliza: kama nyumba nzima inanipenda, yeye ana nini?

Kosa linaanzia kwenye hesabu. Upendo wa nyumba unahesabiwa kama hatua ya ndoa, wakati kwa mila zetu hauko kwenye orodha ya hatua hizo. Kukaribishwa ni jambo la ustaarabu na la moyo. Wanakupokea vizuri kwa sababu wewe ni mgeni wa mtoto wao na tabia yako imewapendeza. Kutambulishwa ni jambo la ukoo: kijana amekaa na wazazi wake, bila wewe kuwepo, akasema huyu ndiye ninayetaka kumuoa, naomba mnisaidie kwenda kwao. Neno hilo likishasemwa ndipo anatafutwa mshenga, inaandikwa barua ya posa, barua inajibiwa na upande wa binti, inapangwa siku ya kukaa juu ya mahari. Neno hilo lisiposemwa, mama anaweza kukuita mkwe miaka mitano na hakuna mtu atakayeondoka pale kwenda kwenu. Wazazi hawampelekei barua kijana ambaye hajawatuma. Wanasubiri, kama unavyosubiri wewe.

Ndiyo maana ukarimu wao haukuambii lolote kuhusu nia yake. Mara nyingi nyumba inayokukumbatia sana ni nyumba ambayo nayo imechoka kumsubiri, na inatumaini ukizoeleka atajisogeza mwenyewe.

Utajuaje kama umetambulishwa au umekaribishwa tu? Usipime kwa chakula wala zawadi. Sikiliza maswali unayoulizwa. Familia iliyoambiwa habari ya ndoa inakuuliza kwenu ni wapi hasa, baba yako ni wa ukoo gani, mama yako ametoka wapi, wajomba zako wako wapi. Haya si ya kupitisha muda. Kwa Wagogo na kwa makabila mengi ya kati, ukoo unaulizwa mapema ili isije ikaonekana baadaye kwamba mnaoana mkiwa ndugu. Na angalia nani ameitwa kukuona. Baba na mama wako nyumbani kila siku. Lakini baba mkubwa, mjomba au shangazi akiwa ametoka kijiji kingine kwa ajili ya siku ile, jambo limeshasemwa. Ukikuta umekwenda mara sita, unalijua hadi jina la mbuzi, na hakuna aliyewahi kuuliza jina la baba yako, bado wewe ni mgeni unayependwa.

Sasa tuje kwa yeye. Kukwepa kuna sababu nyingi, na moja inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu wasichana waliokulia mjini huwa hawaioni: mahari si mfuko wa kijana peke yake. Kwa Wagogo mahari ni ng'ombe na mbuzi, hata siku hizi ambapo mara nyingi inahesabiwa kwa mifugo na kulipwa kwa fedha. Kwa desturi baba anachangia, ndugu wa baba wanachangia, mjomba ana nafasi yake. Na upande wa binti nao mifugo inagawanywa kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Nyumba nyingi zinategemea mahari ya binti iwe ndiyo njia ya kumuolea kaka yake. Kwa hiyo kijana anaweza kuwa na mshahara Mtumba, anapanga Ilazo, na bado mdomo wake umefungwa na zizi la Mvumi: kaka yake hajaoa na zamu ni yake, au mahari ya dada imekwama, au ukame umepunguza mifugo na mzee hataki kuguswa jambo hilo mwaka huu. Kumwambia mpenzi "baba hajaniruhusu" anaona ni aibu. Anasema "tuone kwanza", au "mambo yakikaa sawa".

Huyo anakwepa kwa kubanwa. Kuna mwingine anakwepa kwa sababu hajaamua, au ana mtoto na mwanamke mahali ambapo nyumbani kwao wanapajua na wewe hupajui. Nje wote wawili wanafanana: wanabadilisha mazungumzo, wanashika simu, wanasema una haraka. Hupati tofauti kwa kuwatazama. Unaipata kwa kutazama kizuizi chenyewe, kama kinakaa mahali pamoja au kinahama.

Tuchukue mfano. Binti ni mwalimu Chamwino, ana miaka 28. Kijana ni mtumishi, kwao Mvumi. Wamekuwa pamoja miaka miwili na nusu, ameshakwenda Krismasi mbili, msiba mmoja na mavuno ya karanga. Mama mkwe mtarajiwa amempa kitenge. Kila akiuliza "utanioa lini?" jibu ni "Mungu akipenda". Swali lile ni pana mno. Mtu anaweza kulijibu kwa neno lolote na asiwe amesema uongo.

Badala yake amuulize wakiwa wawili, mjini, siku isiyo ya ugomvi, wala si uani kwao mama akiwa jikoni: "Barua ikienda kwetu, kitu gani kitakwama?" Swali hili linadai kitu chenye jina. Tuseme kijana anajibu ni fedha. Hapo ndipo mambo matatu yanayochanganywa yatenganishwe. Posa ni barua, mshenga na kiasi kidogo kinachowekwa kwenye bahasha; haihitaji akiba ya harusi. Mahari hupangwa baada ya barua kujibiwa, na kwa kawaida hulipwa kwa awamu: sehemu inatangulia, nyingine inabaki deni linalojulikana na wazee wa pande zote. Harusi, yaani ukumbi, vikao vya michango, chakula na sare, ni kitu cha tatu na kinaweza kuwa kidogo kadiri mtakavyo. Kisheria hata mahari kutolipwa hakuharibu ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inasema hivyo. Ndoa ya serikali inahitaji hiari yenu, mashahidi, na taarifa ya kusudio iliyotolewa angalau siku 21 kabla.

Baada ya kutenganisha hivyo, binti aombe hatua ndogo kuliko zote: kijana amwambie baba yake, na amtaje mtu atakayekuwa mshenga. Haina gharama. Wapange muda unaoeleweka, tuseme kabla mvua za Desemba hazijaanza, maana wazee wakishaingia shambani hakuna kikao.

Aliyebanwa kweli atafanya mojawapo ya mawili. Atakwenda kusema, au atarudi na kizuizi kilekile kikiwa kimepata maelezo: "Mzee anasema kaka aoe kwanza, na kaka anasubiri mahari ya dada, siku ya kukaa imewekwa mwezi wa 7." Jibu hili si tamu, lakini linaweza kuhakikiwa, na lina tarehe. Aliyebanwa pia hapati shida wewe kumfahamu huyo kaka.

Asiyetaka atakubali siku ile ile ili uache kuuliza. Mwezi ukipita fedha haitatajwa tena. Sasa ni mjomba yuko safarini. Mjomba akirudi, ni masomo. Masomo yakiisha, wewe umebadilika, siku hizi una maneno. Vizuizi vitatu tofauti katika miezi minne, na hakuna hata kimoja ambacho mtu mwingine wa nyumba ile anakijua, vinaonyesha kwamba kizuizi ni yeye.

Wengi hapo wanakimbilia kwa mama yake kwa sababu ndiye anayewapenda. Msiende. Mama akimbana mwanawe kwa ajili yako, unapata ama kijana aliyesukumwa, ama mama aliyelazimika kuchagua upande, na atamchagua mtoto wake. Njia inayokubalika ni kwenu: shangazi yako au mama yako mdogo amwite kijana, amkaribishe chai, amuulize kwa heshima, "Baba, tunakuona na binti yetu muda mrefu. Sisi wakubwa tukuelewe vipi?" Upande wa binti hauposi, lakini kuuliza hakuna anayekushangaa. Kijana anayekwenda kwenye wito huo na kujibu, hata kama jibu ni kuomba muda, amefanya kitu. Anayeahirisha mara tatu naye amejibu.

Kuna upande mmoja wa ukarimu huu ambao unaumiza kimyakimya, nao ni kazi. Ukiitwa mkwe unaanza kufanya za mkwe: unapika msibani usiku kucha, unachangia sare ya harusi ya wifi, unaomba ruhusa kazini uende kupalilia. Haya ni mema ukiyatoa kama mgeni anayejua mwisho wake. Lakini mwanamke aliyefanya kazi za ndoa miaka mitatu bila barua huona aibu kuondoka, na mwanaume anayepata yote hayo haoni kilichopungua. Punguza, kwa upole na bila kutangaza. Nenda kwenye msiba, salimia, rudi.

Na usitegemee kwamba muda wenyewe utageuka ndoa. Kifungu cha 160 cha sheria ile kinaruhusu mahakama kuchukulia kwamba mwanamume na mwanamke wameoana ikiwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na wakajulikana kwa watu kama mume na mke. Kuishi pamoja, si kutembeleana wikiendi. Tena dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na ikipingwa ikaanguka, ndoa haipo, ingawa mahakama bado inaweza kuombwa matunzo na nafuu nyingine, ikiwemo malezi ya watoto. Kudai fidia ya ahadi ya ndoa iliyovunjwa nako kupo, ila lazima kuwe na ahadi, na "tuone kwanza" si ahadi.

Yule mwalimu wa Chamwino, mvua zikianza na jina la mshenga halijatajwa, anaweza kumpigia mama wa Mvumi mwenyewe kumshukuru kwa kitenge na karanga, na kumwambia kwamba Krismasi hii atakuwa kwa wazazi wake mwenyewe. Mama ataelewa. Pengine ndiye atakayekuwa wa kwanza kumuuliza mwanawe swali ambalo nyumba nzima ilikuwa imelinyamazia.