Wiki sita tangu aanguke, kichwa bado kinauma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alianguka na bodaboda akienda kazini. Pikipiki ilikuwa mwendo mdogo, ikateleza kwenye mchanga, naye akajigonga kisogo kwenye ukingo wa barabara. Hakuzirai, ila kwa dakika kama kumi alikuwa akirudia swali lilelile: "Pochi yangu iko wapi?" Wiki sita baadaye ndipo alipofika kwangu kwenye fiziotherapia, amevaa miwani ya jua ndani ya chumba, mdogo wake amemshika mkono. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike, lakini aliyokuwa ameambiwa na watu kuhusu kichwa kinachouma baada ya mtikisiko wa ubongo nayasikia karibu kila wiki.

"Siti skani imetoka safi, kwa hiyo anajisingizia"

Siti skani huona mfupa uliovunjika na damu iliyovuja. Mtikisiko wa ubongo wenyewe haiuoni, kwa sababu kilichovurugika ni namna seli zinavyofanya kazi, na hilo halitoi picha. Kipimo cha mwalimu kilikuwa safi na maumivu yake yalikuwa ya kweli. Mambo hayo mawili hayapingani.

Kuna upande wa pili ambao husahaulika. Picha safi ya siku ya ajali haithibitishi kuwa damu haitavuja polepole baadaye. Kwa wazee, wanywaji wa pombe na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kujikusanya juu ya ubongo kidogo kidogo ikaja kujionyesha wiki tatu au zaidi baada ya kujigonga, hata kama kishindo chenyewe kilikuwa kidogo. Cha kutazama ni mwelekeo. Kichwa kinachozidi kuuma kila siku, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea: huyo arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Mwalimu hakuwa na hata kimoja. Maumivu yake yalikuwa yamesimama palepale, hayapandi wala hayashuki.

"Alale gizani mpaka kichwa kipone"

Ushauri huu hutolewa kwa mapenzi, na ndio uliomweka mwalimu ndani wiki tano nzima, mapazia yamefungwa. Zamani hata sisi wahudumu tuliutoa. Siku hizi mapumziko yanayoshauriwa ni ya siku moja hadi mbili tu, nayo si ya kulala kutwa: mtu anafanya shughuli nyepesi za nyumbani, anatembea kidogo, anapunguza simu na televisheni. Baada ya hapo anaanza kujisogeza. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 kuzungumzia mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo walisisitiza hivyo, na sisi tunaufuata utaratibu huo hata kwa asiyecheza mpira.

Mtu akilala wiki nyingi, usingizi wa usiku huharibika, mwili huishiwa pumzi, shingo hukakamaa, na macho yaliyozoea giza huuona mwanga wa kawaida kama mwiba. Kisha dalili hizo zote huhesabiwa kuwa ni za ajali.

Swali la mwalimu lilikuwa la haki: "Nikitembea kinauma zaidi, nitajuaje sijidhuru?" Kuna kipimo rahisi. Kabla ya kuanza, yape maumivu alama, 0 hadi 10. Yakipanda kwa alama moja au mbili ukiwa kwenye zoezi, kisha yakarudi yalipokuwa ndani ya saa moja, hakuna ubaya. Yakipanda zaidi ya mbili, acha, na kesho punguza. Siku ya kwanza alianza na 3, akatembea kasi, dakika ya kumi na mbili akafika 6. Tukasimama. Kesho yake akatembea dakika kumi kwenye tambarare kwa mwendo wa kawaida, akafika 5, na baada ya nusu saa akarudi 3. Hicho ndicho kilikuwa kiwango chake cha kuanzia. Kila baada ya siku mbili tatu tuliongeza dakika mbili, na miwani ya jua ikabaki kuwa ya nje tu.

"Ni panadoli tu, haina madhara"

Hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu. Nilimwomba anihesabie siku alizomeza dawa, si idadi ya vidonge. Katika siku 30 zilizopita, 26 zilikuwa na dawa: kwanza diklofenaki, kisha panadoli iliyochanganywa na kafeini, asubuhi na jioni. Duka la dawa liko mkabala na kwao.

Dawa za maumivu zikitumiwa mara nyingi mno, zenyewe huanza kukiweka kichwa katika maumivu. Mtu huamka nacho, anameza, kinatulia kidogo, kinarudi. Kwa parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki, mpaka wa hatari ni siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kwa zilizochanganywa na kafeini, na kwa tramadoli au kodeini, ni siku 10 tu. Hali hiyo ikizidi miezi mitatu ndipo huitwa ugonjwa wa kichwa kuuma kwa kuzidisha dawa. Mwalimu alikuwa hajafika huko, lakini njia aliyoshika ilikuwa ni hiyo.

Kwa makubaliano na daktari wake aliziacha kwa mara moja, akabaki na kikombe kimoja cha chai ya rangi asubuhi ili kafeini isikatike ghafla. Nilimwambia mapema kwamba siku za mwanzo kichwa kingeuma zaidi, maana asiyejua hilo hukimbilia dukani siku ya pili. Siku ya tatu na ya nne zilikuwa mbaya. Siku ya tisa akaamka kichwa kikiwa chepesi. Tangu hapo mpaka wake ukawa siku mbili za dawa kwa wiki, zikiwekwa alama kwenye kalenda ya ukutani. Anayetumia tramadoli au kodeini kila siku asiache ghafla hivi. Daktari humpunguzia polepole.

"Kinauma kisogoni, basi ubongo wa nyuma umeumia"

Mara nyingi ni shingo. Pigo linalotikisa kichwa huivuta na shingo, na mishipa ya fahamu ya shingo ya juu hupeleka maumivu kisogoni, wakati mwingine hadi nyuma ya jicho. Nilipombonyeza mwalimu pale fuvu linapokutana na shingo, upande wa kulia, alisema, "Hapo hapo, ndicho kichwa chenyewe." Akapewa mazoezi ya kuvuta kidevu nyuma bila kuinamisha uso, kushikilia sekunde tano, mara kumi, asubuhi na jioni.

"Alipata mafua makali, kichwa ni mabaki tu"

Hili halimhusu mwalimu, ila nalo husemwa. Ni kweli kwamba baada ya mafua, korona au dengi kichwa kinaweza kuuma wiki kadhaa, na mengi ya hapo juu husaidia. Lakini homa ikiendelea au kurudi, shingo ikikakamaa, au mtu akianza kukonda, usiyaite mabaki. Homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu au ya fangasi huanza taratibu hivyohivyo, hasa kwa mwenye VVU ambaye hajapimwa au ameacha dawa, na kupambanua kunahitaji kipimo cha VVU na maji ya uti wa mgongo.

Mwalimu alirudi darasani wiki ya tisa, vipindi viwili kwa siku, baadaye vinne. Wiki ya kumi na mbili kalenda yake ilikuwa na alama tatu za dawa kwa mwezi mzima. Kelele za mapumziko ya saa nne bado zinamsumbua, kwa hiyo muda huo hukaa maktaba.