Ujumbe wa kuwajulisha mawakala wa ajira kwamba mkataba unaisha: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mfano wa afisa ufuatiliaji na tathmini aliyeko Mwanza, katika mradi wa afya ya mama na mtoto, ambaye mkataba wake wa miaka miwili unaisha tarehe 30 Septemba. Kwenye simu yake ana namba za mawakala wa ajira watano waliowahi kumfanyia usaili au kumpigia kuhusu nafasi fulani. Anataka kuwaandikia, lakini amesikia mengi yasiyo sahihi.

Dhana: Wakala wa ajira atanitafutia kazi, hivyo nimweleze hali yangu yote.

Ukweli ni kwamba wakala hulipwa na mwajiri ili ajaze nafasi iliyo wazi. Hamtafutii mtu kazi, bali huitafutia kazi mtu. Akipokea ujumbe wako, mara nyingi hana nafasi inayokufaa siku hiyo, na atakachofanya ni kuuhifadhi ili akukumbuke nafasi itakapokuja. Kwa hiyo ujumbe wenye manufaa ni ule unaobeba maneno atakayoyatafuta baadaye: cheo chako kama kinavyoandikwa kwenye matangazo ya kazi, mahali unapoweza kufanyia kazi, tarehe unayoweza kuanza na aina ya mkataba unaoukubali. Maelezo ya kodi ya nyumba na ada za watoto, hata yakiwa ya kweli, hayamsaidii kukupata. Afisa wetu angeweza kuandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Ni mimi uliyenifanyia usaili mwaka jana kwa nafasi ya afisa ufuatiliaji na tathmini, Dodoma. Mkataba wangu wa sasa, Mwanza, unaisha tarehe 30 Septemba kwa kuwa mradi unakamilika. Kuanzia tarehe 5 Oktoba nitaweza kuanza kazi ya aina hiyohiyo, Mwanza au Dodoma, kwa ajira ya kudumu au mkataba usiopungua miezi 6. Nimeambatisha wasifu wangu mpya. Tafadhali uniulize kwanza kabla ya kuupeleka kwa mwajiri yeyote."

Sentensi ya mwisho huonekana kama majivuno, lakini ndiyo ambayo wengi huijutia kwa kutoiweka. Mawakala wawili wakipeleka wasifu wa mtu mmoja kwa mwajiri mmoja, huzuka mvutano kuhusu nani anastahili malipo, na mwajiri asiyetaka ugomvi huo anaweza kumwacha mwombaji kando. Ukiulizwa kwanza, utajua nani amekupeleka wapi. Andika pembeni jina la mwajiri na tarehe.

Dhana: Nisubiri mkataba uishe ndipo niandike.

Nchini Tanzania, mkataba wa muda maalumu kwa kawaida hukoma wenyewe tarehe yake inapofika, kwa hiyo tarehe ya kuwa huru unaijua mapema, tofauti na aliye kwenye ajira ya kudumu, ambaye hana budi kutoa notisi kwanza. Hilo ni jambo la kumvutia wakala, nawe hulitumii ukinyamaza. Wiki nne hadi sita kabla ya mwisho ni muda unaofaa kwa maoni yangu: ukiandika miezi minne kabla, utasahaulika. Kuna sababu nyingine kwa afisa wetu. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huisha tarehe 30 Septemba, na baadhi ya miradi inayofadhiliwa nayo hufungwa siku hiyo, hivyo anayeandika Oktoba anaweza kukuta foleni ya wenzake. Kama mkataba unaweza kuongezwa, mwulize kwanza msimamizi wako. Kutangaza kuondoka na kisha kubaki humfanya wakala asiiamini tarehe yako ijayo.

Dhana: Kusema mkataba umeisha ni kukiri kwamba nimefukuzwa.

Kinachozua shaka ni ukimya. Maneno "kwa kuwa mradi unakamilika" yanatosha.

Dhana: Alama ya kutafuta kazi kwenye LinkedIn inatosha, na mwajiri wangu hataiona.

Alama hiyo ina namna mbili: fremu ya kijani kwenye picha, ambayo kila mtu huiona, na ile inayoonekana tu kwa maafisa uajiri wanaotumia huduma ya kulipia ya LinkedIn. Hata katika namna ya pili, LinkedIn wenyewe husema hawawezi kuhakikisha usiri kamili. Aidha, alama hiyo haimkumbushi mtu aliyekufanyia usaili mwaka jana kwamba anakufahamu. Mstari wa kwanza wa ujumbe wako ndio unaofanya kazi hiyo, na ndiyo maana haufai kunakiliwa sawasawa kwa watu watano. Mengine yote unaweza kuyanakili.

Dhana: Asipojibu, amenikataa.

Huenda hana nafasi tu. Mwandikie tena mara moja, baada ya wiki tatu au nne, ukiwa na jambo jipya la kusema, kwa mfano kwamba sasa uko tayari kuhamia Kigoma pia. Ukipata kazi, watumie wote watano mstari mmoja wa kuwajulisha, ili wasiendelee kupeleka wasifu wako kwa waajiri.