Betri mbili zikiungwa sirisi hazikai zaidi ya zikiungwa sambamba

"Fundi aliniambia nikiunga betri zangu mbili sirisi stima itakaa mara mbili kuliko nikiziunga sambamba, ni ukweli?"

Zii, hiyo stori imezunguka mtaani miaka. Chukua betri mbili za 12V 200Ah, ukiunga chanya ya moja kwa hasi ya nyingine unapata 24V lakini 200Ah inabaki vile vile, ukiunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ni 12V na 400Ah, sasa zidisha, zote ni 4,800Wh, so tivi itawaka masaa yale yale. Tofauti iko kwa waya: mzigo wa wati 1,200 unavuta kama ampea 100 kwa 12V, 50 tu kwa 24V, ndio maana waya nyembamba kwa sambamba ukiigusa ni moto. Na inverta ya 12V usiipe 24V, inaweza kuungua.