Kindle imeganda? Dhana potofu kuhusu skrini ya wino

Dhana: Ukurasa bado unaonekana, basi betri ipo.

Dhana hii ndiyo inayofanya vifaa vizima vitupwe. Skrini ya Kindle, kisomea vitabu cha kielektroniki, imepangwa vidonge vidogo mno vya mafuta, na ndani ya kila kidonge mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme huzipandisha au kuzishusha, kisha hubaki hapo hapo hata umeme ukikatika. Kwa hiyo ukurasa unaouona leo unaweza kuwa umechorwa wiki kadhaa kabla betri haijakauka.

Dada yangu aliacha kisomea vitabu chake kwenye droo kwa miezi minne. Picha ya kulala ilionekana safi kabisa, lakini kitufe hakikuleta jibu lolote, na fundi akamwambia kioo kimekufa. Tulikichomeka kwenye chaja. Hata taa haikuwaka. Tukakiacha saa nzima, kisha, kikiwa bado kwenye chaja, tukashikilia kitufe cha kuwashia huku tukihesabu hadi 40. Skrini ikapiga mmweko mweusi na mweupe, kikawaka. Kosa letu la awali lilikuwa kushikilia kitufe mara tu baada ya kuchomeka, wakati betri haikuwa na nguvu ya kuwasha chochote.

Kwenye Kindle, sekunde hizo 40 ni muhimu. Katikati kinaweza kutokea kisanduku cha kukuuliza unataka nini, usiachie kitufe.

Dhana: Kushikilia kitufe hivyo hufuta vitabu.

Hakufuti. Ni kuzima na kuwasha upya tu. Kinachofuta ni kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani, na hilo huchaguliwa kwenye menyu.

Dhana: Kivuli cha ukurasa uliopita ni ishara kwamba kioo kimeungua.

Kivuli hicho ni chembe ambazo hazikurudi zote mahali pake. Ili kufungua kurasa haraka, kifaa hubadilisha zile sehemu zinazohitajika tu, na masalio hujilimbikiza ukurasa kwa ukurasa. Ule mmweko mweusi ambao wengi huudhani ni hitilafu ndio unaoyafuta, kwa kuzisogeza chembe zote upya. Ukisumbuliwa na vivuli, ingia Settings, kisha Reading Options, uwashe Page Refresh, ili kila ukurasa usafishwe kikamilifu. Betri itaisha mapema kidogo. Binafsi nauwasha ninaposoma vitabu vyenye picha na michoro, kwa sababu huko ndiko vivuli huonekana zaidi.

Kioo kilichovunjika kwa ndani hujitambulisha kwa namna nyingine. Fungua kurasa kadhaa huku mmweko ukipita. Kivuli kitafifia au kitabadilika. Lakini mstari au kipande kikibaki vile vile kila mara, huku sehemu nyingine zikibadilika kama kawaida, kioo kimepasuka chini ya uso wa juu, na hapo si chaja wala kitufe kitakachosaidia.