Kugawa kihariri katika VS Code: dhana potofu na ukweli wake

Tuchukue mfano wa mwandaaji wa programu mjini Lubumbashi anayetengeneza mfumo wa mauzo kwa ajili ya duka la jumla. Maneno yote ambayo muuzaji atayaona kwenye skrini yamewekwa katika faili mbili: `fr.json` yenye Kifaransa na `sw.json` yenye Kiswahili. Kila mstari una jina la ufunguo, kwa mfano `malipo.airtel`, likifuatwa na maneno ya lugha husika. Kazi ya kulinganisha faili hizo mbili ndiyo inayofichua dhana kadhaa zisizo sahihi.

Dhana: Ukiifungua faili moja pande mbili, umepata nakala mbili.

Amri ya `Ctrl+\` huigawa nafasi ya kuandikia na kuonyesha faili ileile katika kundi la pili la vihariri. Wengi hudhani kwamba upande wa kulia ni mahali pa kufanyia majaribio, ilhali pande zote mbili ni madirisha ya kutazamia maandishi yaleyale. Ukifuta mstari upande mmoja, umefutika na upande wa pili papo hapo, na `Ctrl+Z` hurudisha badiliko la mwisho bila kujali lilifanyiwa wapi. Kinachotofautiana ni mahali ulipofika katika kusoma na mahali kiteuzi kilipo. Kwa hiyo mgawanyo huu unafaa kwa faili ndefu, pale unapotaka kutazama mwanzo wake huku ukiandika mwisho wake. Anayetaka kujaribu bila hofu aihifadhi kwanza faili kwa jina jingine.

Dhana: Kuziweka faili mbili bega kwa bega ni kuzilinganisha.

Hapa ndipo penye makosa mengi. Faili mbili zilizo katika makundi mawili hazijuani kabisa: programu haikuonyeshi tofauti yoyote, na kazi yote inabaki kwa macho yako. Ulinganishaji wenyewe una amri yake. Bofya faili ya kwanza kwa kitufe cha kulia cha kipanya katika orodha ya faili, uchague `Select for Compare`, kisha kwenye faili ya pili uchague `Compare with Selected`.

Hata hivyo, kwa `fr.json` na `sw.json` amri hiyo haisaidii sana, kwa sababu maneno ya karibu kila mstari yanatofautiana, na skrini nzima itapakwa rangi. Hapo mwandaaji wetu ni heri afungue faili hizo katika makundi mawili, azirudishe zote kwenye mstari wa kwanza, kisha atumie `Toggle Locked Scrolling Across Editors`, amri iliyoongezwa mwaka 2024, ili pande zote zisogee pamoja. Ikiwa funguo zimeandikwa kwa mpangilio uleule, `malipo.airtel` ya kushoto itakaa sambamba na ya kulia. Mara tu inapokaa sambamba na `malipo.orange`, anajua kwamba hapo au juu kidogo kuna ufunguo uliosahaulika katika faili mojawapo. Amri hiyo haisomi maana ya mistari, hivyo pengo likishatokea, mistari yote inayofuata itapishana mpaka pengo lizibwe.

Kwa faili za mipangilio, ambazo karibu zinafanana, amri ya kulinganisha ndiyo bora, ila ina mtego: kwa kawaida hupuuza nafasi tupu zilizo mwanzoni na mwishoni mwa mstari. Katika YAML au Python, ambako nafasi za mwanzoni hubadilisha maana, tofauti inayoharibu kazi inaweza isionekane kabisa. Andika hivi katika mipangilio:

```json
"diffEditor.ignoreTrimWhitespace": false
```

Na ikiwa ulinganisho unatokea katika safu moja badala ya mbili, kompyuta haijaharibika. Nafasi ikiwa chini ya pikseli 900, programu huunganisha pande hizo yenyewe, jambo la kawaida kwenye kompyuta ndogo yenye upana wa pikseli 1366 ambayo tayari imegawanywa. Funga kundi la pili, au ufiche orodha ya faili.

Dhana: Kichupo kilichobandikwa kitabaki mbele ya macho.

Kukibandika kichupo kwa `Ctrl+K Shift+Enter` hukisogeza mwanzoni mwa safu na kukikinga dhidi ya `Close Others`. Kwa mipangilio ya kawaida, hata `Ctrl+W` haikifungi. Lakini faili nyingine ikifunguliwa katika kundi hilohilo, itakifunika. Mwandaaji wetu akitaka `fr.json` ionekane daima upande wa kushoto anapopitia faili nyingine, anachohitaji ni kulitia kufuli kundi lenyewe kwa `Lock Editor Group`. Alama ya kufuli itatokea juu ya kundi hilo, na faili mpya atakazozifungua zitakwenda katika kundi jingine, isipokuwa ile atakayoiburuta mwenyewe na kuiingiza humo.